KABRASHA MOJA LIWE NA MAHALI PAMOJA TU KATIKA KOMPYUTA

Watumishi na wakazi wanaarifiwa kuwa kutawanya nakala za kabrasha moja katika kompyuta hakulindi kumbukumbu, bali huzigawa. Tuchukue mfano wa kabrasha la orodha ya kaya za Kata ya Somanda, Bariadi, lililopo Desktop, Documents na D:\. Jumatatu karani anasahihisha kaya moja katika nakala ya kwanza. Jumanne mwenzake anaongeza nyingine katika nakala ya pili. Hapo hakuna nakala iliyo kamili, na tarehe mpya pekee si ushahidi wa ukamilifu.

Kwa hiyo, faili zilinganishwe moja moja, na masahihisho yote yaunganishwe katika D:\Somanda. Nakala nyingine ziitwe ZAMANI, na zifutwe baada ya uhakiki. Kisha kabrasha la D:\ liburutwe kwa kitufe cha kulia cha kipanya hadi Desktop, na ichaguliwe Create shortcuts here. Njia hiyo ya mkato hutambulika kwa mshale mdogo. Ikifutwa, kabrasha lenyewe hubaki.

Izingatiwe kuwa anayenakili njia ya mkato kwenye flashi hachukui faili hata moja. Nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya kompyuta, wala isifanyiwe kazi.