Upangaji kwa kuhesabu na upangaji kwa tarakimu

Upangaji kwa kuhesabu na upangaji kwa tarakimu ni njia mbili za kupanga orodha kwa mfuatano katika kompyuta bila kulinganisha kitu kimoja na kingine. Njia nyingi za kupanga huuliza swali moja tena na tena: kati ya hivi viwili, kipi kitangulie? Njia hizi mbili haziulizi swali hilo. Husoma thamani ya kitu na kuitumia moja kwa moja kama anwani ya mahali kitakapowekwa. Kwa sababu hiyo kikomo cha chini cha upangaji kwa ulinganisho hakizihusu, na zinapotumika mahali pake huwa na kasi zaidi.

## Mfano: pointi za kidato cha nne

Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani (NECTA) hutoa daraja la kidato cha nne kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kwa hiyo jumla haiwezi kupungua 7 wala kuzidi 35. Hata watahiniwa wawe laki ngapi, jumla zinazowezekana ni 29 tu. Hali ya namna hii, yaani vitu vingi vyenye thamani chache zinazojulikana mapema, ndiyo inayofaa upangaji kwa kuhesabu.

Tuseme mwalimu wa taaluma katika shule moja ya kata ya Nambambo, wilayani Nachingwea, ana matokeo ya mtihani wa majaribio ya wanafunzi wanane, yakiwa yameandikwa kwa kufuata namba zao:

- 0001: pointi 22
- 0002: pointi 17
- 0003: pointi 30
- 0004: pointi 22
- 0005: pointi 26
- 0006: pointi 17
- 0007: pointi 34
- 0008: pointi 22

Anataka kuwapanga kuanzia aliyefanya vizuri zaidi, yaani mwenye pointi chache.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Anapitia orodha mara moja na kuweka mstari mmoja kwa kila mwanafunzi kwenye pointi zake, kama karani anayehesabu kura. Anapata wawili wenye 17, watatu wenye 22, na mmoja mmoja kwa 26, 30 na 34.

Hatua ya pili ni kujumlisha hesabu hizo kutoka juu kwenda chini ili kujua kila kundi linaanzia nafasi gani. Wenye 17 wanaanzia nafasi ya 1. Wako wawili, kwa hiyo wenye 22 wanaanzia nafasi ya 3. Hao wako watatu, kwa hiyo mwenye 26 yuko nafasi ya 6, mwenye 30 ya 7 na mwenye 34 ya 8.

Hatua ya tatu ni kupitia orodha ya awali kwa mara nyingine na kumweka kila mmoja mahali pake. Wa kwanza, 0001, ana 22, hivyo anakwenda nafasi ya 3, na nafasi inayofuata ya kundi hilo inakuwa ya 4. Anafuata 0002 mwenye 17, anakwenda nafasi ya 1. Wakiisha wote, mpangilio unakuwa 0002, 0006, 0001, 0004, 0008, 0005, 0003, 0007.

Hakuna mwanafunzi aliyelinganishwa na mwenzake. Pia wale watatu wenye pointi 22 wamebaki katika mfuatano wao wa awali: 0001, 0004, 0008. Sifa hii ya kutowageuza waliolingana huitwa uthabiti, na umuhimu wake unaonekana zaidi katika upangaji kwa tarakimu.

Kwa lugha ya Python, hatua hizo tatu huandikwa hivi:

```python
def panga(orodha, chini, juu, ufunguo):
    nafasi = [0] * (juu - chini + 2)
    for x in orodha:
        nafasi[ufunguo(x) - chini + 1] += 1
    for i in range(1, len(nafasi)):
        nafasi[i] += nafasi[i - 1]
    jibu = [None] * len(orodha)
    for x in orodha:
        p = ufunguo(x) - chini
        jibu[nafasi[p]] = x
        nafasi[p] += 1
    return jibu
```

Ikiwa vitu ni `n` na thamani zinazowezekana ni `k`, kazi yote ni sawia na `n + k`. Orodha ikiongezeka mara mbili, kazi ya kuipitia nayo huongezeka mara mbili tu.

## Kikomo cha chini kinasema nini

Wanafunzi wanane wenye thamani tofauti wanaweza kuwa wamekaa kwa mipangilio 40,320, ambayo ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi 8. Njia yoyote ya kupanga lazima iweze kutambua ni upi kati ya mipangilio hiyo imepewa, kwa kuwa kila mmoja unahitaji kurekebishwa kwa namna yake. Ulinganisho mmoja una majibu mawili tu: huyu anatangulia, au yule. Maswali mawili yanatenganisha hali nne, matatu hali nane, na kila swali jipya huongeza idadi mara mbili. Maswali 15 yanatenganisha hali 32,768, ambazo hazitoshi. Kwa hiyo, kwa orodha iliyo ngumu kuliko zote, ulinganisho haupungui 16, hata mtunzi wa programu awe hodari namna gani.

Kwa vitu `n` vilivyo tofauti, hesabu hiyo hutoa karibu `n log2 n - 1.44 n`. Kwa vitu 500,000 ni ulinganisho upatao milioni 8.7. Upangaji kwa kuunganisha, ambao ni njia maarufu ya ulinganisho, hukaribia sana kikomo hicho lakini hauwezi kukivuka.

Hoja nzima imesimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba taarifa pekee inayopatikana ni jibu la ulinganisho, lenye njia mbili. Upangaji kwa kuhesabu hauko chini ya sharti hilo. Kompyuta inaposoma pointi za mwanafunzi na kwenda kwenye kisanduku chake, hatua hiyo moja ina matokeo 29, si mawili. Kuhesabu hakukivunji kikomo cha chini. Kikomo kinabaki kweli kwa njia zinazolinganisha, lakini njia hii haimo miongoni mwao.

Gharama yake ni kwamba thamani lazima ziwe namba kamili, au kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa namba kamili, na mipaka yake ijulikane mapema. Wastani kama 67.4 hauwezi kuwa anwani, lakini ukizidishwa kwa 10 unakuwa 674, na visanduku 1,001 vinatosha kwa wastani wote kuanzia 0 hadi 100.

## Upangaji kwa tarakimu

Visanduku vikiwa vingi kupita kiasi, kuhesabu hushindwa. Namba ya mtahiniwa wa shule huandikwa kama `S0123/0045`, ambapo tarakimu nne za kwanza ni za kituo na nne za mwisho ni za mtahiniwa. Zikiunganishwa ni tarakimu nane, na kuhesabu moja kwa moja kungehitaji visanduku milioni 100, vingi vikiwa vitupu.

Upangaji kwa tarakimu huigawa namba vipande vipande na kupanga kwa kuhesabu mara moja kwa kila kipande, ukianzia kipande cha kulia. Hapa orodha hupangwa kwanza kwa namba ya mtahiniwa, kisha matokeo yake hupangwa kwa namba ya kituo. Kila mzunguko unahitaji visanduku 10,000 tu. Kwa watahiniwa 500,000, kila mzunguko husoma orodha mara mbili, hivyo mizunguko yote miwili ina hatua zipatazo milioni 2, dhidi ya ulinganisho milioni 8.7.

Mtu anayekutana na njia hii mara ya kwanza huona kuanzia kulia ni kinyume, na hapo ndipo uthabiti unapofanya kazi. Chukua namba 31, 12, 32, 11. Zikipangwa kwa tarakimu ya kulia zinakuwa 31, 11, 12, 32. Zikipangwa kwa tarakimu ya kushoto, 11 na 12 zinalingana kwa kuwa zote zinaanza na 1. Mzunguko ulio thabiti huziacha katika mfuatano wa mzunguko uliotangulia, na jibu linakuwa 11, 12, 31, 32. Mzunguko usio thabiti ungeweza kuzigeuza kuwa 12, 11, na kazi ya mzunguko wa kwanza ingepotea.

Njia hii ilitumika kabla ya kompyuta, kwa mashine za kadi za matundu zilizotokana na kazi ya Herman Hollerith, ambazo zilitumika katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890. Mashine za kupanga kadi zilisoma safu moja ya matundu kwa wakati na kuangusha kila kadi katika mfuko wake. Mwaka 1954 Harold Seward alieleza katika tasnifu yake namna ya kuifanya kazi hiyo ndani ya kompyuta kwa kuhesabu kwanza, ili kusiwe na haja ya kutenga nafasi kubwa kwa kila mfuko.

## Mahali zinaposhindwa

Kwa orodha fupi faida hupotea. Darasa la wanafunzi 40 likipangwa kwa namba za simu zenye tarakimu tisa, kwa vipande vya tarakimu tatu tatu, kila mzunguko utapitia visanduku 1,000 kwa ajili ya watu 40. Upangaji kwa kuunganisha ungemaliza kwa ulinganisho usiozidi mia mbili na kitu.

Funguo ndefu nazo ni tatizo, kwa kuwa kila kipande huongeza mzunguko. Majina kamili ya watu yenye herufi 30 yangeweza kuhitaji mizunguko 30, ilhali ulinganisho wa majina mawili mara nyingi huamuliwa na herufi chache za mwanzo. Aidha hatua za njia hizi hazilingani kwa uzito. Kuandika katika visanduku vilivyotawanyika kwenye kumbukumbu huchelewesha kompyuta kuliko kusoma orodha kwa mfululizo, hivyo hatua pungufu mara nne hazimaanishi muda pungufu mara nne.

Kosa la hatari zaidi ni thamani iliyo nje ya mipaka. Katika programu iliyo hapo juu, yenye mipaka ya 7 na 35, mtu akiandika pointi 36 au zaidi kwa makosa, programu husimama na kutoa taarifa ya kosa. Akiandika 6, nayo husimama, ingawa ni katika hatua ya mwisho. Lakini akiandika 5, programu haisemi lolote. Python huhesabu anwani hasi kutoka mwisho wa safu, kwa hiyo mwanafunzi huyo huwekwa kimya kimya pamoja na wenye 35. Dawa yake ni kukagua mipaka kabla ya kuhesabu, kisha kuipitia orodha iliyopangwa mara moja na kuhakikisha kuwa hakuna thamani iliyo ndogo kuliko inayoitangulia. Katika kosa hili, 5 ingeonekana ikifuata 34.