Bili Moja, Walaji Wanne

Marafiki wanne wamekula pamoja katika mgahawa mmoja Marekani. Mmoja wao ametoa kadi na kulipa bili yote. Kabla hawajainuka, simu za wenzake watatu zinalia: kila mmoja anaombwa dola 32.25. Ombi hilo limepitia Venmo, programu ya malipo iliyoanzishwa mwaka 2009 na ambayo sasa ni mali ya kampuni ya PayPal. Wengi hudhani kwamba hapo pesa imeshaanza safari. Bado. Kilichofika kwenye simu zao ni ujumbe tu wenye jina la mwombaji, kiasi na sababu.

Hatua zenyewe ni chache. Aliyelipa anafungua sehemu ya kulipa na kuomba, anachagua majina ya wenzake, anaandika kiasi na maneno machache ya kueleza ni malipo ya nini (bila maneno hayo ombi haliendi), kisha anabonyeza Request. Anayeombwa ana hiari ya kulipa, kukataa au kunyamaza. Akinyamaza, ombi linabaki pale pale likisubiri, na mwombaji anaweza kumkumbusha au kulifuta. Programu haimkopeshi mtu, wala haina mamlaka ya kuchota salio la yeyote. Rafiki mgumu wa kulipa anabaki kuwa mgumu vilevile, ila sasa ugumu wake una tarehe na maandishi.

Hesabu ndiyo yenye mitego. Tuseme chakula chenyewe kilikuwa dola 100: aliyelipa alikula cha dola 40, wa pili 25, wa tatu 20, na wa nne, ambaye hakuwa na njaa, 15. Marekani kodi ya mauzo huongezwa juu ya bei iliyo kwenye menyu, na bakshishi huongezwa tena juu yake. Tukiweka kodi ya asilimia 9 na bakshishi ya asilimia 20 ya bei ya chakula, jumla inakuwa dola 129. Ukigawanya kwa wanne, unapata zile 32.25.

Sasa gawanya kwa kufuata alichokula kila mtu, kodi na bakshishi zikiongezeka kwa kiwango kilekile. Unazidisha kila kiasi kwa 1.29. Mlipaji anabeba dola 51.60, wa pili 32.25, wa tatu 25.80 na wa nne 19.35. Kwa mgawanyo sawa, basi, yule aliyekula kidogo ametozwa dola 12.90 zaidi, na wa tatu 6.45 zaidi. Jumla ya ziada hiyo ni dola 19.35, na yote imempunguzia mzigo aliyeagiza chakula ghali kuliko wote, ambaye ndiye aliyebonyeza kitufe. Simshuku kwa wizi; kugawa sawasawa ni rahisi, na mtu akiwa ameshiba huchagua rahisi. Lakini kiasi kinaweza kubadilishwa, na ombi la dola 19.35 hutumwa kwa urahisi uleule wa ombi la 32.25.

Kuna kosa jingine baya zaidi: mlipaji kusahau kujihesabu. Dola 129 zikigawanywa kwa watatu, kila mmoja anaombwa 43, na mlipaji amekula bure. Dalili yake huonekana haraka. Zidisha ulichoombwa kwa idadi ya wote waliokaa mezani. Ikizidi bili, kuna mtu hakuhesabiwa.

Hatari kubwa hutoka nje ya meza. Kwa kuwa ombi ni ujumbe tu, hata tapeli anaweza kulituma, akitumia jina na picha vinavyofanana na vya rafiki yako. Na ukishamlipa mwenye akaunti ya Venmo, huwezi kuyabatilisha malipo hayo. Unabaki kumwomba mpokeaji arudishe.

India ililiona tatizo hili kwa ukubwa wake. Katika mfumo wa malipo wa UPI, matapeli walituma maombi huku wakimwambia mtu aweke namba yake ya siri ili “apokee” pesa. Akiiweka, pesa inatoka. Kiwango cha juu cha ombi la mtu kwa mtu kilikuwa rupia 2,000, lakini hilo halikutosha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2025 aina hiyo ya maombi imesitishwa kabisa.

Watumiaji wa M-Pesa wanakijua kisanduku kinachojitokeza kwenye simu kudai namba ya siri wanapolipia bidhaa mtandaoni. Kanuni ni ileile: kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri. Ombi lolote likija, soma jina na kiasi, na kama hukumbuki mlo wenyewe, mpigie simu rafiki huyo kabla hujalipa.