Tupo Tupo Tu: Kuulizana Uhusiano Unaelekea Wapi

Kwenye sendofu na vikao vya harusi kuna dakika moja inayowaumbua wengi. Mtu amefika na mwenzake, wamekaa meza moja, wanachekeana. Shangazi anapita kusalimia na kuuliza, "Na huyu mgeni wetu ni nani?" Kinafuata kimya kifupi, kisha jibu: "Huyu rafiki yangu, shangazi." Anayetambulishwa anatabasamu, lakini neno limemwingia. Rafiki gani anayekupigia kila usiku mpaka bando linakata, anayejua mshahara wako unaingia tarehe ngapi, na anayenuna ukichelewa kujibu ujumbe?

Hali hiyo vijana wa mjini wanaijua vizuri. Wiki ya kwanza ni stori, ya tatu ni kupeana mabega kwenye daladala, ya saba mtu ana mswaki wake kwako, na bado hakuna aliyetamka lolote. Ukiuliza marafiki zake, watasema "wapo tu."

Mila za wengi Afrika Mashariki zilikuwa na njia ya kulikwepa giza hili. Mshenga alipeleka barua ya posa, mara nyingi ikiwa na fedha kidogo ndani ya bahasha, na familia ya binti ikajibu. Faida kubwa ya mshenga ilikuwa kwamba yeye ndiye aliyebeba aibu. Jibu likiwa hapana, wenyewe wawili wangeweza kukutana sokoni kesho yake bila kuinamishana vichwa. Lakini mshenga huja pale mtu alipokwisha kuamua. Hizi wiki saba za kabla ya uamuzi hazina wa kutumwa, na kila mmoja anabaki na swali lake mdomoni.

Ugumu wa kulitoa swali hilo umechunguzwa. Mwaka 1985 watafiti wa mawasiliano wa Marekani, Leslie Baxter na William Wilmot, waliwauliza wanafunzi wa chuo ni mada zipi wanazikwepa wakiwa na watu wao wa karibu. Iliyotajwa zaidi haikuwa fedha wala wapenzi wa zamani. Ilikuwa uhusiano wenyewe: upo katika hali gani na unakwenda wapi. Wengi waliogopa kwamba kuuliza kungeharibu kile kidogo walichonacho.

Mwaka mmoja kabla, watafiti hao hao walikuwa wameeleza kinachofanyika badala ya kuuliza: watu hutegeana mitihani ya siri. Mmoja ananyamaza siku tatu aone kama atatafutwa. Mwingine anamtaja jamaa wa kazini ili apime wivu. Yupo anayemtuma rafiki akachunguze, na yupo anayemtambulisha mwenzake hadharani kwa jina la mpenzi huku akimwangalia usoni. Tatizo la mitihani hii ni kwamba mtahiniwa hajui kuwa yuko mtihanini. Uliyemnyamazia siku tatu huenda amedhani umemchoka, naye akanyamaza kwa heshima. Wewe unasoma ukimya wake kama dharau, yeye anausoma wako kama kufukuzwa.

Tuchukue mfano wa binti mhasibu wa Kinondoni na fundi umeme wa Tabata, wanaoonana kila Jumapili kwa mwezi wa pili sasa. Fundi ameomba mkopo wa laki tatu anunue vifaa. Binti anazo, lakini anajiuliza anamkopesha nani. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu jambo linaloanza kuwafunga limeshafika mlangoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Denver, Scott Stanley, Galena Rhoades na Howard Markman, waliandika mwaka 2006 juu ya tofauti kati ya kuteleza na kuamua. Wapenzi wengi huteleza hadi kuishi pamoja, kisha kodi, samani na mtoto vinafanya kuachana kuwe kugumu kabla hawajachaguana kwa kauli. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuuliza hauhesabiwi kwa wiki. Ni kabla ya fedha, kabla ya chumba kimoja, kabla ya mimba.

Aulizeje? Watafiti wengine wawili, Leanne Knobloch na Denise Solomon, waliutenga wasiwasi huu katika sehemu tatu: mtu hana hakika na moyo wake, hana hakika na moyo wa mwenzake, au hana hakika na uhusiano wenyewe. Mpangilio huo una msaada mkubwa kwa binti wetu. Lazima aanze na la kwanza akiwa peke yake, maana anayeuliza "hivi sisi ni nini?" kabla hajajua anachotaka atapokea jibu lolote na kulikubali kwa hofu ya kuachwa.

Akishajua, anasema lake kwanza. Si kwa ujumbe wa saa sita usiku, bali wakiwa wawili na bila haraka: "Mimi nimekupenda, na nataka tuwe wapenzi, mimi na wewe tu. Sijui wewe umekaaje na jambo hili. Ningependa kusikia." Maneno machache, na yote yanajibika. Swali lisilo na msimamo wa muulizaji humfanya mwenzake abahatishe jibu la kumridhisha. Ni vizuri pia mambo mawili yatajwe waziwazi, kama kila mmoja ameacha wengine, na kama ndugu na marafiki watajua, kwani wapo wanaokubaliana kuwa "wapenzi" huku mmoja akielewa siri na mwenzake akielewa utambulisho.

Majibu ya ndiyo na hapana hayana shida kuyasoma. Linalosumbua ni "tusiwe na haraka, tuone itakavyokwenda." Huenda ni kweli tupu, fundi huyu labda alitoka kwenye uchumba uliovunjika na anaogopa. Huenda pia ni njia ya kubaki na Jumapili zake bila kudaiwa kitu. Sauti haitofautishi haya mawili, ila maelezo yake yanaweza. Mwenye hofu ya kweli kwa kawaida anaweza kusema anangoja nini, na anakubali mrudi kwenye mazungumzo siku fulani. Anayekwepa hukasirishwa na tarehe.

Wakati wa kungoja, binti ana haki ya kupunguza kazi za mke: kupika kila Jumapili, kufua, kukopesha. Asifanye hivyo kumkomoa, na amwambie wazi kwa nini, la sivyo atakuwa amerudi kwenye mitihani ya siri.

Ipo hali ambayo ushauri huu haufai. Kama mwenzako ni bosi wako, au amewahi kukutishia au kukuinulia mkono, mazungumzo ya faragha si salama, na la kwanza ni kumshirikisha mtu unayemwamini.

Wanaoona kutopeana jina kunawaacha huru wajue pia kwamba sheria inaweza kuwapa jina wasilolichagua. Tanzania, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo watu wanawatambua kama mke na mume, watachukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kazi ya kuthibitisha hufanyika mahakamani, majirani wakiitwa kueleza waliwaona wakiishi vipi, na mara nyingi wakati huo ndipo wawili hao wanapoambiana kwa mara ya kwanza walichukuliana kuwa nani.