Mteja wa Saa Mbili Usiku

Maduka mengi ya nguo na viatu jijini Dar es Salaam yanaonyesha bidhaa Instagram, kisha biashara inamalizikia WhatsApp. Mteja anaona kiatu usiku, anauliza bei, na asipojibiwa anahamia kwa muuzaji mwingine mwenye kiatu kile kile. Mwenye duka kachoka, au bado anafunga mizigo ya kesho. Hapo ndipo panapotafutwa mtu wa kushika chati kwa saa tatu nne za jioni, na mtu huyo si lazima awe Dar.

Akaunti ya WhatsApp Business inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Simu inabaki kwa mwenye duka, wewe unajibu kwenye kompyuta ukiwa Morogoro au Mbeya. Lakini simu ile isipotumika kwa siku 14, vifaa vyote vilivyounganishwa vinakatwa.

Kinachowashinda wengi ni kasi. Wanadhani kujibu haraka ni kumaliza jambo haraka, hivyo wanakaa kimya hadi wapate jibu kamili, au wanaahidi wasichokijua. Afadhali uigawe kazi mara mbili: jibu la kwanza litoke ndani ya dakika chache, limwonyeshe mteja kwamba amesomwa, na limpe saa ya kutegemea jibu lenyewe.

Tuseme saa mbili usiku inaingia meseji hii: “Mbona mmeniletea 38? Mimi niliandika 40!” Anayekimbilia maneno yaliyoandaliwa atabandika “Karibu sana dukani kwetu, tukusaidie nini?” na mteja atawaka zaidi. Wewe pandisha chati juu kwanza, uione oda yake. Kisha andika: “Pole sana. Nimeona oda yako ya jana, uliandika 40. Kosa ni letu. Naulizia stoo kama 40 nyeusi ipo, nakujibu kabla ya saa tatu.” Ikifika saa tatu kasoro dakika kumi na stoo haijajibu, mwambie hivyo hivyo na umpe saa nyingine, mteja hapaswi kuwa wa kwanza kukumbushia. Stoo ikithibitisha, funga kwa mambo yanayoshikika: “40 ipo. Bodaboda atakuletea kesho kati ya saa nne na saa sita, atachukua hiyo 38. Nauli ni juu yetu.”

Lugha nayo ina mitego. “Soma juu” na “bei ipo kwenye picha” ni majibu sahihi yanayomfanya mteja ajione mzigo. Rudia bei, haikugharimu kitu. Usimwite mtu dada au kaka kwa kukisia kutoka kwenye picha yake, maana wengi huweka picha ya mtoto au ya mwenza. Jina lake linatosha. Akituma sauti, jibu kwa maandishi, ili saizi, bei na mahali pa kupeleka mzigo vibaki vikisomeka.

Maneno ya kuandaa yana nafasi yake pia. WhatsApp Business inahifadhi majibu ya haraka hadi 50, na unayaita kwa kuandika alama ya / na neno fupi, mfano /malipo au /usafiri. Weka humo yasiyobadilika: namba ya kulipia, mahali duka lilipo, masharti ya kubadilisha bidhaa. Kilichopo stoo na siku ya mzigo kufika andika kwa mkono kila mara. Jibu lenye bei ya mwezi uliopita litamfanya mteja alipe pungufu, na ugomvi utaangukia kwako. Maneno ya kuandaa yakichakaa utajua: wateja wataanza kuuliza swali lile lile mara tu baada ya kuyapokea.

Kwenye malipo, usiharakishe. Mteja akituma picha ya meseji ya muamala, hiyo bado si hela, kwani picha ya namna hiyo inatengenezeka. Jibu, “Nimepokea picha, tunahakiki,” kisha mwombe mwenye namba ya kulipia alinganishe namba ya muamala, kiasi na jina kwenye kumbukumbu zake. Mzigo usitoke kabla ya hapo, hata mteja akidai bodaboda yuko mlangoni.

Kabla ya kuanza, kubalianeni na mwenye duka kwa maandishi: nani analipia bando, malipo ni kwa saa au kwa mwezi, punguzo la mwisho unaloruhusiwa kutoa ni kiasi gani, na nani anaidhinisha kurudisha fedha. Bila hilo la mwisho, kila mteja mwenye haki ya kurudishiwa hela atakukuta huna la kumjibu zaidi ya “subiri.”