Kupima Umbali Halisi kwenye Picha ya Ramani

Ramani nyingi huwa na mstari mfupi pembeni, aghalabu upande wa chini, uliogawanywa vipande na kuandikwa 0, 10, 20 na kuendelea, pamoja na neno kilomita au maili. Huo ni mstari wa kipimio. Kazi yake ni kuonyesha kwamba urefu huu mdogo kwenye mchoro unasimama badala ya urefu ule mkubwa kule ardhini. Juu yake au kando yake huandikwa pia kipimio cha uwiano, kama 1:50,000, maana yake sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita.

Ramani ikiwa bado karatasi iliyotoka kiwandani, vipimio hivi viwili vinakubaliana. Ikishapigwa picha kwa simu, kuskaniwa au kupunguzwa ili ienee kwenye ukurasa wa kitabu, uwiano unaacha kusema kweli. Karatasi ya upana wa nusu mita inapotazamwa kwenye kioo cha simu, maandishi yanabaki kuwa 1:50,000 ilhali mchoro umesinyaa mara nyingi. Mstari wa kipimio haupatwi na tatizo hilo, kwa sababu nao ni sehemu ya picha: ramani ikisinyaa unasinyaa nayo, ikikuzwa unakua nayo. Kwa hiyo mwenye picha mkononi hana haja ya kuuangalia uwiano hata kidogo. Aushike mstari.

Kabla ya kuutumia, ausome vizuri. Kwenye ramani nyingi za mandhari, sifuri haiko mwanzo wa mstari. Upande wa kulia wa sifuri zimepangwa kilomita nzima nzima, na upande wa kushoto kuna kilomita moja iliyokatwa vipande vidogo vya kupimia mita. Anayeanza kupima kwenye ncha ya kushoto kabisa akidhani ndiyo sifuri ameongeza kilomita nzima ambayo haipo, na kila umbali atakaoupata baada ya hapo utakuwa mfupi kuliko ukweli.

Kwenye kompyuta, rula ni pikseli, yaani vile vinukta vidogo vinavyojenga picha. Programu nyingi za kuchorea huonyesha namba mbili pale kishale kilipo: ya kwanza ni idadi ya pikseli kutoka ukingo wa kushoto wa picha, ya pili ni idadi kutoka ukingo wa juu. Namba hizo zinatosha kwa hesabu yote.

Tuchukue mfano wa picha ya ramani ya pwani ya Tanzania, na swali liwe umbali wa kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi bandari ya Zanzibar. Tuseme sifuri ya mstari wa kipimio iko kwenye pikseli ya 212 na alama ya kilomita 50 iko kwenye pikseli ya 587. Tofauti ni 375. Pikseli 375 zikiwa ni kilomita 50, basi kilomita moja ni pikseli 7.5.

Sasa kishale kiwekwe bandarini. Dar es Salaam inasoma 340 na 905. Zanzibar inasoma 258 na 358. Kwa upana, tofauti ni pikseli 82, kwa kuwa Mji Mkongwe uko magharibi kidogo ya Dar es Salaam, jambo linalowashangaza wengi. Kwa urefu, tofauti ni 547. Pande hizi mbili zinafanya pembe mraba, na umbali unaotafutwa ni ule mstari wa mshazari, kwa hiyo kanuni ya Pithagoras inatumika:

```
√(82² + 547²) = √305933 ≈ 553
553 ÷ 7.5 ≈ 73.7
```

Jibu ni takriban kilomita 74. Ni safari ya maili za baharini 40 hivi, kwa kuwa maili moja ya baharini ni mita 1,852.

Jibu hilo linaaminika kiasi gani? Hapo kinachoamua ni urefu wa mstari wa kipimio kwenye picha. Tuseme kishale kilikosea pikseli mbili, zikasomwa 373 badala ya 375. Jibu linasogea hadi kilomita 74.1, tofauti isiyofika nusu kilomita. Lakini kwenye picha ndogo zaidi, ambako mstari ni wa kilomita 10 tu na unachukua pikseli 40, kosa lile lile la pikseli mbili linaufanya uwe 38, na umbali wa Zanzibar unaruka hadi karibu kilomita 78. Mkono umeteleza sawasawa mara zote mbili, ila mara ya pili kosa limezidishwa. Ndiyo maana ni afadhali kupima mstari mzima kutoka ncha hadi ncha kuliko kupima kipande chake kimoja, na kupima picha ikiwa imekuzwa.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa urahisi. Mstari wa kipimio karibu daima umelala, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu akiivuta picha upande mmoja ili ijaze nafasi, mstari unarefuka kwa upana lakini hauelezi lolote kuhusu urefu wa kwenda juu. Safari ya kwenda kaskazini, kama hii ya Zanzibar, itapimwa kwa rula isiyo yake. Kwenye ramani yenye mistari ya gridi, uchunguzi ni rahisi: kila chumba cha gridi kinapaswa kuwa mraba. Kikionekana kipana kuliko kimo chake, picha imevutwa. Na kama vyumba vya chini ni vikubwa kuliko vya juu, simu ilishikwa mshazari wakati wa kupiga, na hapo mstari mmoja hauwezi kuipimia picha nzima.

Barabara nazo zina mambo yake. Kati ya Mombo na Lushoto, milimani Usambara, mstari mnyoofu haufiki kilomita 15, ilhali barabara ni zaidi ya kilomita 30. Ili kuipima, njia hukatwa vipande vifupi vilivyonyooka, kila kona ikapewa alama yake, kisha urefu wa vipande hujumlishwa. Kinyume na wanavyodhani wengi, kupanda mlima hakuongezi kitu cha maana: kupanda takriban mita 1,000 ndani ya kilomita 30 kunaongeza mita kama 17 tu. Umbali umejificha kwenye kona, na ramani ndogo huzinyoosha nyingi kwa kukosa nafasi, ndiyo sababu jibu la barabara hutoka fupi.

Mwisho ni ukubwa wa eneo lenyewe. Kwa wilaya, mkoa au kisiwa, mstari mmoja unatosha. Kwenye ramani ya dunia ya mtindo wa Mercator hautoshi, kwa sababu mchoro unazidi kutanuka kadiri unavyoiacha Ikweta. Mstari uliochorwa kwa kipimo cha Ikweta unaisomea Dar es Salaam vizuri, kwani kosa halifiki asilimia moja. Kule Cape Town, kilomita 100 zitasomeka kama 120, na kwenye latitudo ya 60 zitasomeka 200. Mabaharia wanaotumia ramani za namna hiyo hupima kwa ukingo wa pembeni wenye latitudo, ambako dakika moja ni maili moja ya baharini, na huchukua kipimo hicho kwenye usawa ule ule ambao chombo kinapita.