Mtahiniwa wa Kujitegemea na Daftari la Makosa

Kijana anayerudia mtihani wa kidato cha nne akiwa nyumbani kwao Lisekese, Masasi, hukosa hasa jicho la mwalimu juu ya daftari lake. Vitabu aweza kuazima, na karatasi za mitihani iliyopita aweza kuzipata. Lakini asipojua alipokosea na kwa nini, hurudia kusoma yale anayoyajua tayari. Makala haya yanaeleza namna mwalimu anavyoweza kumfundisha mtahiniwa huyo kujisahihisha katika somo la Hisabati.

Katika miaka ya karibuni karatasi ya Hisabati imekuwa na maswali 14 ya kujibiwa kwa saa 3: maswali 10 ya alama 6 na maswali 4 ya alama 10. Tukigawa dakika 180 kwa alama 100, swali la alama 6 lapata dakika 11 hivi, na la alama 10 dakika 18. Mtahiniwa na afanye karatasi nzima kwa kufuata saa. Kisha, kwa kila swali alilokosa, aandike katika daftari la makosa sababu moja: hakujua mada, hakuelewa Kiingereza cha swali, aliteleza katika kuhesabu, au muda ulimwishia.

Ugumu ni kuitambua sababu ya kweli. Binti mmoja niliyemsaidia aliulizwa shilingi 200,000 zitakuwa ngapi baada ya miaka 2, kwa riba ya asilimia 10 inayozaa riba kila mwaka. Alijibu 240,000, akaandika kwamba aliteleza. Nilimpa swali la namna hiyo siku tatu baadaye, lenye tarakimu nyingine, naye akakosa vilevile. Mtelezo haurudi mahali palepale. Kosa lake lilikuwa la kutoelewa. Mwaka wa kwanza riba ni 20,000, lakini mwaka wa pili huhesabiwa juu ya 220,000, hivyo ni 22,000, na jumla ni 242,000. Alikuwa akilipita neno la Kiingereza linaloeleza jambo hilo. Tangu hapo alianza kulipigia mstari kabla ya kuhesabu.

Njia hii ina mipaka yake. Insha haisahihishwi vema na mwandishi wake, kwa hiyo apeleke moja kwa mwalimu kila baada ya majuma mawili.

Tena, mtihani hufanyika Novemba, wakati korosho zinaokotwa na kila mkono nyumbani unahitajika. Mpango unaoacha karatasi nzima hadi Oktoba huvunjika shambani. Zimalizwe kabla ya Septemba kwisha. Katika mavuno, daftari la makosa lasomeka hata kwa nusu saa ya jioni.