Hati ya Ubia: Mambo Matatu ya Kuulizwa Kabla ya Kutia Sahihi

Watu wawili wakipatana kufanya biashara pamoja, mara nyingi maneno yao ya kwanza huwa machache: "Tutatoa wote, na tutakula wote." Maneno hayo yatosha siku ya kwanza, maana siku hiyo hakuna faida ya kugawanya wala hasara ya kubeba. Lakini wakienda kwa wakili hurudi na karatasi kadha wa kadha zilizoandikwa kwa Kiingereza, nazo huitwa hati ya ubia. Mbia asiyeijua lugha hiyo huonyeshwa tu mahali pa kutia sahihi. Sahihi ikiisha kutiwa, yaliyomo humfunga yeye kama yanavyomfunga mwenziwe aliyeyasoma.

Mfano ufuatao utaonyesha yaliyo ndani ya karatasi hizo. Fundi mmoja wa kinu cha mahindi katika soko la Mwatate, huko Taita, anataka kushirikiana na mzee mwenye fedha. Mzee atatoa Sh. 600,000 za kununua mashine mpya ya kukoboa na kutengeneza nyumba ya kinu. Fundi ataleta kinu chake cha kusagia, ambacho bei yake ni Sh. 200,000, naye atafanya kazi hapo kila siku. Hati imekwisha andikwa. Kabla ya kutia sahihi, Fundi anamwomba karani wa wakili amsomee kwa Kiswahili, fungu kwa fungu, Mzee akiwapo.

Rasilmali: Nani ametoa nini

Fungu la kwanza lasema kwamba rasilmali ya biashara ni Sh. 800,000, na kwamba vitu vyote vilivyoletwa ni mali ya ubia.

"Bwana karani," auliza Fundi, "siku nikiondoka, kinu changu nitakichukua?"

"La, Fundi. Tangu siku utakapotia sahihi, kinu si chako peke yako tena. Kilicho chako ni hesabu ya shilingi laki mbili iliyoandikwa mbele ya jina lako."

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kitu kilichotiwa katika rasilmali huwa mali ya biashara. Kikipanda bei au kikichakaa, faida au hasara yake ni ya wabia wote. Asiyetaka kuachana na kitu chake aweza kukikodisha kwa biashara, akalipwa kodi kila mwezi, na kitu kikabaki chake. Hati na iseme wazi ni njia gani iliyochaguliwa. Kadhalika kiwanja: ikiwa nyumba ya kinu imejengwa juu ya ardhi ya Mzee, hati isipotaja kama ardhi hiyo imetolewa au imekodishwa tu, shauri litazuka siku ya kuachana.

Tena bei ya kinu isiwekwe kwa kukisia. Yafaa ikadiriwe na mtu mwenye ujuzi ambaye wote wawili wanamwamini, na bei hiyo iandikwe pamoja na tarehe. Na mbia mmoja akiongeza fedha baadaye, iandikwe mara moja kama fedha hizo ni rasilmali au ni mkopo, kwa kuwa mkopo hulipwa kwanza kabla ya rasilmali kurudishwa.

Faida: Njia tatu za kuigawanya

Fundi alifahamu kwamba faida itagawanywa nusu kwa nusu. Lakini fungu la pili lasema kwamba itagawanywa "kwa kadiri ya rasilmali." Maneno hayo ni machache, lakini uzito wake ni mkubwa.

Ikiwa faida ya mwaka ni Sh. 480,000, nusu kwa nusu ingempa kila mmoja Sh. 240,000. Kwa kadiri ya rasilmali, Mzee aliyetoa robo tatu atapata Sh. 360,000, na Fundi aliyetoa robo atapata Sh. 120,000, ingawa ndiye aliyeshinda kinuni mwaka mzima. Kazi yake haikuhesabiwa.

Je, hati ikinyamaza? Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1890 iliweka kanuni kwamba wabia hugawana faida na hasara sawasawa, na kwamba mbia hana haki ya mshahara kwa kazi yake wala riba juu ya rasilmali yake, isipokuwa wamepatana hivyo. Kenya iliishika kanuni ya kugawana sawasawa, nayo imo pia katika Sheria ya Ubia ya mwaka 2012. Basi ukimya wa hati ungemfaa Fundi kidogo, na ungemwumiza Mzee aliyetoa fedha mara tatu zaidi.

Karani awaonyesha njia ya tatu, ambayo hulipa kwanza kazi, halafu fedha, na ndipo hugawanya kinachobaki. Fundi awekewe posho ya Sh. 15,000 kila mwezi, yaani Sh. 180,000 kwa mwaka. Kila mmoja apewe riba ya shilingi 10 kwa kila 100 ya rasilmali yake: Mzee Sh. 60,000 na Fundi Sh. 20,000. Katika zile 480,000 zitabaki 220,000, nazo zigawanywe nusu kwa nusu, 110,000 kila mmoja. Hivyo Mzee atapata jumla ya Sh. 170,000, na Fundi Sh. 310,000.

Mzee anyamaza kidogo, kisha asema, "Fundi, mimi sikatai. Lakini mwaka wa njaa itakuwaje?"

Swali hilo ndilo la maana. Mvua ikikosekana na mahindi yakiwa haba, huenda faida ikawa Sh. 100,000 tu. Posho na riba pamoja ni Sh. 260,000; basi pana upungufu wa Sh. 160,000, nao hugawanywa nusu kwa nusu, 80,000 kila mmoja. Mzee ana haki ya riba 60,000, ukitoa 80,000 anadaiwa 20,000. Fundi ana haki ya 200,000, ukitoa 80,000 zinabaki 120,000. Lakini kila mwezi Fundi alikwisha chukua posho yake, jumla 180,000. Kwa hiyo amechukua Sh. 60,000 zaidi ya haki yake, naye anadaiwa hizo.

Fundi ashtuka. Alidhani posho ni mshahara kama wa mtu aliyeajiriwa. Sivyo. Mbia hajiajiri, posho yake ni njia tu ya kugawanya faida, na pasipo faida hugeuka deni. Ikiwa wabia wanataka mambo yawe mengine, kwa mfano kwamba katika mwaka mbaya posho ya Fundi isidaiwe tena, lazima iandikwe hivyo. Wao walikubaliana kwamba mwaka wenye upungufu hapatakuwa na riba kwa yeyote, na upungufu utakaobaki utakatwa katika faida ya mwaka unaofuata.

Kuondoka: Mlango wa kutokea

Fungu la tatu lilikuwa fupi mno. Lilisema kwamba mbia aweza kujitoa kwa kutoa taarifa. Halikutaja muda, wala njia ya kuhesabu fungu lake, wala siku ya kulipwa. Ubia usiowekewa muda, mbia mmoja akitoa taarifa ya kuuvunja, kwa kawaida huvunjika wote: vitu huuzwa, madeni hulipwa, na kinachobaki hugawanywa. Kinu kinachouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya hasara. Ndiyo sababu hati njema humruhusu anayebaki kulinunua fungu la anayeondoka.

Wakaongeza maneno haya: taarifa iwe ya maandishi, ya miezi mitatu; siku ya kuondoka hesabu zifungwe na vitu vikadiriwe bei na mtu aliyekubaliwa na wote; na anayeondoka alipwe kwa mafungu manne, kila miezi mitatu fungu moja.

Na ifikiriwe kwamba Fundi anaondoka baada ya miaka mitatu. Benki mna Sh. 150,000. Mashine zote zakadiriwa Sh. 540,000. Wateja wanadaiwa Sh. 60,000 zinazoweza kulipwa, na biashara inadaiwa Sh. 90,000. Jumla ya mali, madeni yakitolewa, ni Sh. 660,000. Lakini rasilmali katika daftari ni Sh. 800,000. Zimepungua 140,000, na hasara hiyo hugawanywa kama faida inavyogawanywa, yaani 70,000 kila mmoja. Mzee abakiwa na 530,000, na Fundi alipwa 130,000, wala si zile 200,000 alizoleta.

Hakuna aliyeiba. Mashine zilichakaa mwaka hata mwaka, na hakuna aliyekata kitu kwa ajili ya uchakavu huo. Kila mwaka waliita faida fedha ambazo kwa kweli zilikuwa mashine inayokwisha polepole, wakazila. Dalili yake ni rahisi kuiona: ikiwa bei ya mashine katika daftari ni ile ile ya siku iliyonunuliwa, faida iliyoandikwa si faida yote. Kwa hiyo yafaa hati iseme ni kiasi gani kitakatwa kila mwaka kabla ya kugawanya.

Jambo la mwisho ni madeni. Fundi akiondoka, yale madeni ya biashara yaliyofanywa alipokuwa mbia bado yaweza kudaiwa kwake, hata kama Mzee ameahidi kuyalipa yote. Ahadi hiyo yamfunga Mzee kwa Fundi. Haimfungi aliyewauzia mahindi kwa mkopo. Hata madeni mapya yaweza kumfuata, ikiwa mwuzaji aliyemjua kama mbia hakuarifiwa kwamba ametoka. Basi anayeondoka na awaandikie barua wauzaji wote waliozoea kuwakopesha, atoe ilani katika Gazeti la Serikali, na jina lake liondolewe katika uandikishaji wa biashara.

Hati ya Fundi na Mzee iliandikwa upya kwa mafungu yale matatu. Kwa shauri la karani ilifuatanishwa na tafsiri ya Kiswahili, pamoja na maneno yanayosema ni lugha ipi itakayofuatwa zikihitilafiana, maana tafsiri isiyotajwa katika hati haina nguvu ya hati yenyewe. Kisha wote wawili wakatia sahihi mbele ya shahidi, na kila mmoja akapewa nakala yake ya kuweka nyumbani.